Pande Tatu za Nyumba

Mdomo wangu hauna breki. Nasema mapema ili nisije nikalaumiwa baadaye. Mafundi wa Garissa wakiniona nashuka na nyundo yangu ndogo na timazi, huambiana "huyo amekuja", na wengine hukumbuka ghafla kwamba walikuwa wanakwenda kunywa chai. Miaka kumi na minane nimekagua majengo ya mji huu. Nimeshagombana na watu juu ya mchanga wenye chumvi, juu ya nondo nyembamba, juu ya ngazi zisizo na vishikio. Kwa hiyo nikisema kwamba mimi, mimi huyu, niliwahi kutia sahihi karatasi bila kuisoma, watu hucheka wakadhani nawatania.

Siwatanii. Ilikuwa siku moja tu baada ya tetemeko.

Tetemeko lenyewe lilikuja Jumanne, watu wametoka kuswali alasiri. Nilikuwa ofisini, na glasi ya chai ikaanza kutembea juu ya meza yangu yenyewe. Nikaitazama kama mjinga. Nilipozinduka nikajikuta nje uwanjani, viatu nimeviacha ndani, na wenzangu wote wamesimama mdomo wazi. Huku kwetu tumezoea ukame, tumezoea mto Tana kufurika na kutuingilia majumbani, lakini ardhi kutikisika hatukuizoea hata kidogo. Alhamdulillahi hakufa mtu. Kuta zilipasuka, nyua za matofali zikalala chini, na watu wakatoa magodoro nje wakakataa kuingia ndani.

Ndiyo kazi yetu ilipoanza. Tulipewa kadi za rangi tatu na fomu ya ukaguzi wa haraka. Kadi ya kijani, SALAMA KUTUMIKA, maana yake tumetazama na hatukuona hatari. Kadi ya manjano, MATUMIZI YENYE MASHARTI, maana yake ipo sehemu au namna ya kutumia ambayo imezuiwa, na ni lazima uandike ipi, kwa maneno ambayo mtu yeyote ataelewa. Kadi nyekundu, SI SALAMA, maana yake mtu asiingie. Nyekundu si amri ya kubomoa, na hilo nilikuwa nalirudia mpaka koo linakauka, kwa sababu kila mwenye nyumba aliyeiona alidhani kesho yake tingatinga litafika.

Chini ya kila kadi palikuwa na maneno madogo ambayo mimi nayapenda kuliko yale makubwa. Ukaguzi huu ni wa macho, wa muda mfupi. Plasta haikubanduliwa, msingi haukufukuliwa, zege halikupimwa. Ardhi ikitikisika tena, nyumba ikaguliwe upya. Halafu tarehe, saa, na kama tulitazama nje tu au nje na ndani. Na mwisho wa fomu sahihi mbili, maana kazi hii hufanywa na watu wawili, macho manne. Mmoja akikosea mwenzake amshike.

Mwenzangu alikuwa injinia kijana wa hapa hapa Garissa, Msomali, mpole kupita kiasi, amesoma mpaka akachoka. Yeye huniita abaayo, yaani dada, nami humwita Injinia tu. Alikuwa na adabu ya mtoto aliyelelewa na bibi yake. Akiingia ua wa watu hutazama ardhi, na ukimtuma dukani anaweza kumsalimia muuzaji mpaka ukasahau ulichomtuma.

Jumatano tulipangiwa mtaa mmoja wa Iftin. Jua lilikuwa halina huruma. Ilipofika saa nane mchana tulikuwa tumemaliza nyumba kumi na saba na bado watu wanatuvuta mikono, "Njoo kwangu, njoo kwangu kwanza." Nikamwambia Injinia, "Sikiza, tugawane. Wewe shika upande huu wa barabara, mimi ule. Tutatiliana sahihi." Wazo langu hilo, si lake. Yeye alinitazama kidogo, akasema, "Abaayo, tumeambiwa wawili wawili." Nikamjibu, "Na watu wamelala juani. Twende!"

Basi tulipokutana tena mwisho wa mtaa akanipa fomu zake tano, nikaziweka juu ya boneti ya gari, nikatia sahihi moja baada ya nyingine huku nazozana na mama mmoja aliyetaka kadi ya manjano ya jirani yake ibadilishwe. Sikusoma hata mstari.

Alhamisi asubuhi nikawa ofisini naingiza fomu kwenye kompyuta. Nyumba ya nne ya Injinia ilikuwa ya mawe, vyumba vitano, kadi ya kijani. Kwenye nafasi ya maelezo ameandika kwa mwandiko wake mzuri: "Pande tatu za nje zimeonekana. Upande wa nyuma haukuonekana. Ndani hakujakaguliwa." Na chini yake, sahihi yangu imekaa imetulia, na mkia wake mrefu kama kawaida.

Damu ilinipanda kichwani.

"Injinia! Hii ni nini?"

Akaja mbio. Nikamwonyesha. Akainamisha kichwa.

"Kuna mjane mle ndani, abaayo. Yuko kwenye eda. Chumba chake kiko nyuma, na dirisha lilikuwa wazi. Ningezunguka ningemwona."

"Kwa hiyo ukaipa kijani?"

"Niliandika kwamba sikuona."

"Umeandika kwenye fomu! Kadi iko mlangoni, inasema salama! Nani anasoma fomu yako? Nyumba ya pande tatu umeiona wapi wewe, mtu mzima ovyo?"

Maskini kijana. Na mimi kelele zikaniishia mdomoni, kwa sababu macho yangu yaliteremka tena yakakutana na ile sahihi. Aliyetakiwa kumshika akikosea ni mimi. Yeye alikosea kwa heshima, na akaandika ukweli. Mimi nilikosea kwa haraka, na sikuandika chochote. Niliona haya, nasema wazi, nikamwambia achukue kofia yake twende.

Tulikuta gari la Land Cruiser lenye vumbi jekundu limesimama mlangoni. Mzee mmoja mrefu, ndevu zimetiwa hina, alikuwa ameshika ile kadi yetu ya kijani, ameing'oa ukutani, anaitikisa hewani. Huyo alikuwa kaka mkubwa wa mjane. Alikuwa amesafiri toka Eldas, huko Wajir, ameacha ngamia wake kwa watu, ili kumchukua dada yake.

"Wewe ndio naandika hii?" akaniuliza.

"Asalaam aleikum, adeer," nikasema. Adeer ni baba mdogo, na kwa mzee wa rika lake hakuna neno jingine. "Ndiyo, ni sisi."

"Aleikum salaam. Toa hii, weka nyekundu. Nyekundu bekee. Dada yangu nakataa kutoka. Nasema bwana yake najenga hii nyumba, na eda yake namaliza hapa hapa. Imebaki siku tisa. Mimi nasema twende Eldas, sheikh nasema kama kuna hatari ruhusa iko. Yeye nasema, 'Hatari iko wapi? Serikali naweka kijani.' Sasa weka nyekundu, atatoka."

Nilimwelewa vizuri sana. Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi katika nyumba aliyoishi naye. Hatoki ila kwa dharura, hajipambi, na huku kwetu huvaa nguo nyeupe mpaka siku zake ziishe. Huyu alikuwa amebakiza siku tisa tu. Kaka yake alitaka kadi yangu imtoe. Mjane mwenyewe alikuwa ameishikilia kadi yetu imkalishe. Na kadi yenyewe ilikuwa ya uongo.

"Adeer," nikamwambia, "sitaweka nyekundu kwa sababu wewe unataka, na sitaacha kijani kwa sababu yeye anataka. Nitaingia nione."

"Na huyu?" akamwonyesha Injinia.

"Huyu atakaa nje na karatasi."

Nikapiga hodi upande wa wanawake, nikavua viatu, nikaingia. Mjane alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, shuka jeupe limemzunguka mpaka kidevuni. Macho yake yalikuwa makali. Nilimwamkia nikampa pole ya msiba. Nikamwita eedo, shangazi, naye akaniita hooyo, mama, kama akina mama wa Kisomali wanavyomwita mtu wanayemlea au wanayetaka kumlainisha. Kwangu mimi nadhani ilikuwa ya kunilainisha.

"Kadi ya kijani ni nzuri, hooyo," akasema. "Mungu akubariki. Chai?"

"Chai baadaye, eedo. Naomba nione chumba chako."

Akasimama mbele yangu, mlangoni kabisa mwa kile chumba, kama mtu anayezuia mbuzi wasiingie jikoni. "Chumba kiko sawa."

"Nione tu."

Vyumba vinne vya mbele vilikuwa vya zamani, mawe yaliyopangwa vizuri, paa la mabati juu ya mbao, na nilikwisha kuona havina tatizo zaidi ya plasta kuchubuka. Chumba cha nyuma kiliongezwa baadaye. Hicho kilikuwa na kuta zake chenyewe na paa bapa la zege, na juu ya lile paa, juu ya kijiukuta cha matofali, palikuwa na tangi kubwa la maji la lita elfu tano. Hilo tangi nililiona toka barabarani na moyo wangu haukulipenda. Lita elfu tano ni tani tano. Tani tano zimekaa juu ya kichwa cha mjane.

Ndani palikuwa na kitanda, sanduku, fimbo ya mzee imetundikwa msumarini. Na kwenye ukuta wa nyuma, kando ya dirisha, ulikuwa umetundikwa mswala mwekundu wenye picha ya msikiti. Ulikuwa umepinda. Kila kitu katika chumba kile kilikuwa kimenyooka, hata mikunjo ya shuka, isipokuwa mswala huo.

"Wa marehemu?" nikauliza.

"Wake."

"Alikuwa akiutundika hapo?"

Nikanyoosha mkono nikainua pembe ya mswala, na hapo nyuma nikauona ufa. Ulianzia kwenye kona ya juu ya dirisha ukapanda kimshazari mpaka kwenye zege la paa, na haukupita kwenye saruji ya kati ya mawe tu, ulikata mawe yenyewe. Nikaingiza ncha ya kalamu ikazama. Kwenye pembe, kuta mbili zilikuwa zimeachana kiasi nikaona mwanga wa nje.

Sikuendelea kutazama. Mtu akiona hivyo hapaswi kuendelea kutazama. Nikamshika mkono. "Eedo, tutoke. Sasa hivi. Tutaongea sebuleni."

Alikaa kwenye zulia la sebuleni akalia kimya kimya, akijifuta kwa pembe ya shuka. "Niliuona usiku ule ule," akasema. "Nilijua mkiuona mtanitoa. Kaka yangu atanipakia kwenye gari kama mzigo. Mume wangu alikufa mle, hooyo. Nimekaa miezi minne. Siku tisa tu."

Nilikuwa na hasira, na sijui nilimkasirikia nani. "Ungekufa, eedo! Tangi lile lingekuangukia usingizini!"

"Wale watu wenu hawakuniuliza. Yule kijana alifika pembeni ya nyumba, nikaona kivuli chake, kikarudi. Angesema hodi ningetundika shuka dirishani akapita. Hakusema."

Nikafungua mkoba, nikatoa fomu, nikamwekea kidole juu ya jina langu. Sikutaka kumwacha amlaumu kijana peke yake.

"Na mimi nilitia sahihi, eedo. Sikusoma, sikuja. Hii ni yangu."

Akaitazama sahihi. Kisha, Mungu wangu, akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, machozi bado yako mashavuni.

"Basi sote wawili tulificha ukuta mmoja," akasema.

Baada ya hapo kazi ilikwenda vizuri ajabu. Alimwita binti wa jirani, wakatundika shuka kubwa mbele ya dirisha la nyuma, kwa nje, mbali na ukuta, kwa kamba ya kuanikia nguo. Nikampigia Injinia kelele, "Haya, zunguka! Lakini mbali na ukuta!" Akaja kwa hatua za mtu anayekanyaga mayai, akasimama, akainua macho. Nilimsikia akisema "Lahaula" kwa sauti ya chini. Toka nje ilikuwa mbaya zaidi. Kile kijiukuta kinachobeba tangi kilikuwa kimeinama upande wa ua. Akaning'iniza timazi kwenye ncha ya mti mrefu, akasoma, akaniambia kipimo kupitia kwa binti wa jirani, ambaye kwa uzito wa kazi hiyo alizungumza kama mtangazaji wa redio.

Tukakaa kivulini, mimi na Injinia, ukutani mwa jirani ambao ulikuwa na kijani halali. Yeye akasema, "Abaayo, tuweke nyekundu nyumba nzima. Tulale salama."

"Tutalala salama sisi. Yeye je?"

"Kanuni inasema ukiwa na shaka..."

"Una shaka na vyumba vya mbele? Sema kama injinia, usiseme kama mtu mwenye hofu."

Akafikiri. Hapo ndipo ninapompenda kijana huyu, kwamba ukimuuliza swali la kazi anasahau kila kitu kingine. Akazunguka tena mbele, akapima, akagonga, akatazama kiungo kati ya jengo la zamani na lile jipya. Hayakufungwa pamoja. Fundi aliyeongeza chumba alikuwa amekiegemeza tu, nondo haikuingia kwenye ukuta wa zamani hata moja. Kosa lile la fundi ambalo kila siku ningemfokea, leo lilikuwa baraka. Nyuma ingeweza kuanguka bila kuvuta mbele. Lakini vumbi na mawe yangefika kwenye kile chumba cha mbele kinachopakana nacho, kilichofanywa stoo, kwa hiyo stoo nayo ikafungwa.

Tukaandika kadi ya manjano, mimi nikisema, yeye akiandika, kisha yeye akisema, mimi nikisoma:

"MATUMIZI YENYE MASHARTI. Nje na ndani kumekaguliwa. Chumba cha nyuma na stoo inayopakana nacho: mtu asiingie, hata kwa dakika moja, hata kuchukua kitu. Ua wa nyuma: mtu asivuke kamba. Tangi la juu limwagwe leo na lisijazwe tena. Vyumba vitatu vya mbele na choo cha uani vinaweza kutumika. Ukaguzi wa kina wa injinia unahitajika kabla ya kutengeneza. Ardhi ikitikisika tena, tokeni nje na mtuite."

Kamba tukaifunga umbali wa kimo cha jengo na nusu yake, maana matofali yakidondoka hayaanguki wima. Kaka yake wa Eldas alipoona inavyokula ua akasema, "Mbali sana! Mbuzi nakaa wapi?" Nikamwambia mbuzi wakae Eldas. Akanitolea macho, halafu akacheka mpaka akashika mbavu.

Nilimsomea kadi yote, neno kwa neno, nikamtafsiria kwa Kisomali changu cha barabarani kinachowachekesha watu. Alisikiliza mikono nyuma. Mwisho akauliza, "Yeye nalala wapi?"

"Sebuleni, adeer. Mbali na nyuma. Ni nyumba ile ile ya mume wake. Eda yake haijavunjika."

"Na wewe naweka jina lako?"

"Naliweka. Na safari hii nimesoma."

Alitazama gari lake, akatazama mlango wa dada yake, akasema basi yeye pia atakaa siku tisa, na kitanda chake kiwekwe barazani. Alikuwa na huruma yule mzee, ilikuwa imejificha nyuma ya makelele tu. Mimi ni nani nimcheke.

Kumwaga tangi kulikuwa sherehe. Lita elfu tano katika mtaa ambao maji hununuliwa kwa mtungi! Bomba lake lilishuka mpaka mbele, karibu na jiko, kwa hiyo hakukuwa na haja ya mtu kupanda. Habari ilitembea haraka kuliko upepo. Wanawake walikuja na mitungi ya njano, ndoo, masufuria, mmoja alikuja na beseni la kuogeshea mtoto na mtoto bado yumo. Walisukumana, wakataniana, wakamwombea marehemu rehema kwa kila mtungi uliojaa. Mjane alikaa ndani ya mlango, katika weupe wake, akawa anaelekeza nani atangulie na nani anajifanya hakupata. Sijawahi kumwona mtu wa eda mwenye furaha kiasi kile, na nikaona vibaya kutabasamu, lakini nilitabasamu.

Siku ya sita ya zile tisa, ardhi ikatikisika tena.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Haikuwa kubwa kama ile ya kwanza, lakini ilinifanya nitoke ofisini na viatu safari hii. Injinia alikuwa tayari ameshika usukani. Njia nzima nilikuwa nasoma dua zote ninazozijua na nyingine nilizozitunga hapo hapo.

Kaka wa mjane alitulaki njiani, vumbi mpaka kwenye ndevu. "Kuja pole pole, yeye mzima," akasema kabla hatujauliza, nami nikakaa chini kwenye mchanga kidogo.

Kile kijiukuta cha paani kilikuwa kimeanguka chote. Pembe ya chumba cha nyuma ilifunguka, na mawe yalitawanyika uani. Nilitembea kando ya kamba nikitazama. Jiwe moja lilikuwa limefika shubiri moja tu kutoka kwenye kamba, ndani. Nje ya kamba hapakuwa na hata kokoto. Tangi tupu lilikuwa limeruka likabingirika mpaka kwa jirani, ambako mbuzi walikuwa wanalinusa kwa mashaka. Mjane alikuwa amekaa chini ya turubai ua wa mbele na binti wa jirani. Alitoka, kama kadi ilivyosema. Alipotuona akainua mkono tu.

Tulikagua upya kila kitu, pande zote nne, wote wawili, kwa mwendo wa konokono. Chumba cha nyuma kikapata nyekundu yake chenyewe. Mbele pakabaki manjano, na tarehe mpya na saa mpya. Mjane akarudi sebuleni.

Siku yake ya mwisho alituomba tufike. Mafundi walikuwa wameshaweka miti ya kuegemeza paa la nyuma chini ya usimamizi wa injinia mkuu, na huyo mkuu ndiye aliyeruhusu fundi mmoja, mwenye kofia ngumu, aingie mara moja atoe vilivyotajwa kwenye orodha. Orodha ilikuwa na vitu viwili: fimbo na mswala.

Eda ilipoisha akaoga, akatoka na gauni la rangi ya machungwa na mtandio wake, mikono inanukia udi. Hakwenda barabarani, hakwenda kwa jirani. Alizunguka nyumba mpaka nyuma, akasimama kwenye kamba, akatazama toka nje ule ukuta aliokuwa akiutazama toka ndani. Injinia alikuwepo na ubao wake wa kuandikia, macho chini kama kawaida.

"Wewe ndiye uliyeogopa dirisha langu?" akamuuliza.

Kijana akazidi kuinamisha kichwa. "Ndiyo, eedo. Nisamehe."

"Nimekusamehe siku nyingi. Lakini siku nyingine, kijana wangu, sema hodi. Sisi tuna mashuka."

Kaka yake alicheka kwa sauti mpaka mbuzi wakageuka. Mjane akachukua mswala, akaukung'uta vumbi la mawe mara tatu, akaingia nao ndani. Kupitia mlango wa sebule nilimwona akiutandika chini, pale ulipostahili kuwa, akauelekeza kibla.

Injinia akanipa fomu ya mwisho. Nikaketi kwenye ngazi, nikaisoma toka juu mpaka chini, ndipo nikatia sahihi.